Serumu ya chumvi, ya sukari au ya mchanganyiko: kusoma mfuko kwenye picha

*“Mama amelazwa Goma, na ana ugonjwa wa sukari. Mimi niko Lubumbashi. Mdogo wangu kanitumia picha ya serumu aliyowekewa. Nitajuaje kama ni ya chumvi, ya sukari au ya mchanganyiko?”*

Usihangaike na rangi. Maji ya serumu hizi zote ni meupe, angavu, na mistari ya bluu au kijani iliyochapwa kwenye mfuko ni uamuzi wa kiwanda tu: kijani cha kiwanda kimoja si kijani cha kingine. Na neno “isotonique” halitakusaidia, kwa sababu ya chumvi huandikwa hivyo, na ya sukari ya asilimia 5 pia.

Kinachosema ukweli ni jina pamoja na asilimia yake. “Chlorure de sodium 0,9 %” ni chumvi peke yake, ile ambayo wauguzi wetu huiita fiziolojiki. “Glucose 5 %” ni sukari peke yake. Mifuko yenye maandishi ya Kiingereza itasema “Sodium Chloride 0.9%” na “Dextrose 5%”, dextrose ni glukosi ileile. Wakati mwingine utaona vifupisho tu: NS ni chumvi, D5 ni sukari, DNS ni vyote viwili katika mfuko mmoja.

Hiyo DNS ndiyo inayodanganya watu. Jina lake huwa refu, kwa mfano “Glucose 5 % et Chlorure de sodium 0,9 %”, nalo mara nyingi hugawanyika mistari miwili. Mfuko ukijikunja kidogo, au muuguzi akibandika plasta ya kuandikia saa, mstari mmoja hupotea. Anayetazama picha anaona “Chlorure de sodium 0,9 %” peke yake, anapumua: ni chumvi, haina shida kwa mama. Kumbe nusu ya jina iko chini ya plasta.

Tuchukue picha ya namna hiyo tuisome polepole. Mfuko ni wa mililita 500. Juu kuna plasta, chini yake unasomeka “Chlorure de sodium 0,9 %”. Usiishie hapo. Vuta picha, shuka kwenye maandishi madogo yanayoanza na “Composition”. Tuseme pale pameandikwa:

“Glucose … 25 g
Chlorure de sodium … 4,5 g
Osmolarité : 585 mOsm/l”

Jibu limeshatoka: kuna sukari. Gramu 25 katika mililita 500 ni gramu 50 kwa lita, yaani asilimia 5. Chumvi gramu 4,5 katika nusu lita ni gramu 9 kwa lita, yaani 0,9 %. Hapa wengi hukosea kwa njia nyingine: wakiona 4,5 wanadhani ni ile chumvi hafifu ya 0,45 %. Tazama kwanza kama hesabu imetolewa “pour 500 ml” au “pour 1000 ml”, maana viwanda havifanani. Na ukikuta glukosi 27,5 g badala ya 25 usishangae. Hiyo ni glukosi “monohydratée”, imepimwa pamoja na maji iliyoyashika. Sukari yenyewe ni ileile.

Sasa ile 585. Mimi nikipewa picha mbovu, ndiyo namba ninayoitafuta kwanza, kwa sababu haitegemei jina. Inahesabu chembe zote zilizoyeyuka katika lita moja. Chumvi ikiyeyuka kila kipande hugawanyika viwili, sodiamu upande huu na kloridi upande ule: 154 kwa 154, jumla 308. Glukosi haigawanyiki, ile ya asilimia 5 hutoa 278. Weka vyote katika mfuko mmoja, 308 na 278, unapata 586, na viwanda vingi huandika 585 au 586. Kwa hiyo hata kama plasta imefunika jina lote, 308 inakwambia chumvi, 278 sukari, na karibu 585 mchanganyiko. Glukosi ya asilimia 10 huwa karibu 555, kwa hiyo usiisome haraka ukadhani ni mchanganyiko.

Njia hii ina mpaka wake. Kuna mchanganyiko mwepesi, glukosi 4 % na chumvi 0,18 %, ambao unafika karibu 283, jirani kabisa na sukari tupu. Ringer pia iko huko, karibu 273 hadi 280. Hapo namba peke yake haitoshi, lazima usome majina kwenye “Composition”.

Ringer yenyewe, “Ringer lactate” au “Hartmann”, ni mchanganyiko wa aina nyingine: chumvi ya kawaida, potasiamu kidogo, kalsiamu kidogo, na lakteti ambayo si sukari. Watu wa Goma wanaifahamu kwa sababu ya kipindupindu, tangu janga la Julai 1994 kambini. Ndiyo inayopendekezwa kwa mgonjwa aliyekauka. Ikikosekana, chumvi 0,9 % inatumika. Glukosi 5 % tupu haifai kwa kazi hiyo: mwili unaitumia ile sukari, yanabaki maji matupu yasiyorudisha chumvi iliyopotea. Ndiyo maana familia ikitumwa famasi kununua serumu, haifai kurudi na “serumu” yoyote iliyopatikana.

Kuna mfuko mwingine wa kuogopa kuliko hii yote: “Eau pour préparations injectables”. Hauna asilimia, kwa kuwa hakuna kitu kilichoyeyushwa ndani yake. Ni maji ya kuchanganyia dawa, na yakiingia mshipani hivyohivyo hupasua chembe nyekundu za damu. Ukiona maneno hayo kwenye mfuko uliotundikwa, piga simu saa hiyohiyo.

Turudi kwa mama. Ikionekana kuna glukosi, usimwambie mdogo wako afunge mrija. Mgonjwa wa sukari huwekewa glukosi kwa makusudi, pale sukari ya damu iliposhuka, au pale anapopata insulini huku hali chakula. Swali la kumuuliza muuguzi ni fupi: sukari ya damu imepimwa saa ngapi, na ilikuwa ngapi? Akikujibu kwa namba, angalau unajua sukari inafuatiliwa, na unaweza kumuuliza kama namba hiyo ndiyo sababu ya mfuko ule. Akisema haijapimwa tangu jana, sisitiza ipimwe kabla ya mfuko mwingine, maana nusu lita hiyo ina gramu 25 za sukari inayoingia moja kwa moja kwenye damu.

Kuhusu picha: maandishi yakionekana kinyumenyume, mdogo wako amepiga kwa nyuma, kupitia maji. Geuza picha kwenye simu kushoto kwa kulia, kama kwenye kioo, yatasomeka. Mwombe pia picha ya pili, ya karibu, ya maandishi madogo tu, na ya tatu ya ile plasta. Kilichoongezwa kwa sindano, kwa mfano “KCl”, yaani kloridi ya potasiamu, au vitamini, hakimo kwenye chapa ya kiwanda. Kikiandikwa popote, kitakuwa pale, kwa kalamu. Na kama plasta haina maandishi, mfuko wenyewe hauwezi kukuambia kama kuna dawa iliyoongezwa. Hilo litajibiwa na karatasi ya matibabu iliyo kitandani.