Alama ya RASIMU kuruka kurasa: wanavyodhani na ilivyo

Hapa Wandegeya, jirani na Makerere, tunaochapa tasnifu tunalisikia hili kila msimu wa kuwasilisha: "Kaka, Word yako mbovu. RASIMU imetokea kurasa za mwanzo tu!"

Dhana: alama ya maji, yaani yale maandishi hafifu ya RASIMU, imebandikwa kwenye ukurasa, kwa hiyo ikikosekana programu ina kasoro.

Ukweli ni kwamba alama hiyo hukaa ndani ya kijajuu, yaani header ya juu ya ukurasa, ingawa tunaiona katikati ya karatasi. Na kila sehemu ya waraka, yaani kila kipande kilichotengwa kwa Section Break, ina kijajuu chake. Vijajuu vikiwa havijaunganishwa, alama haivuki mpaka.

Chukua faili la juzi. Lilikuwa na sehemu nne: jalada, kurasa za namba za Kirumi, sura zote, na kiambatisho cha jedwali kilicholazwa. RASIMU ilikuwa sehemu ya pili peke yake, mahali mwenyewe alipokuwa ameweka kishale. Ukibofya mara mbili juu ya ukurasa utaona imeandikwa, kwa mfano, Section 3. Yakikosekana maneno Same as Previous upande wa pili, hapo ndipo uzi ulipokatika.

Dhana: washa Link to Previous kila mahali, yamekwisha.

Hii ndiyo inayoliza watu. Kitufe hicho huchukua kijajuu cha sehemu iliyotangulia na kufuta kilichopo. Mwenye faili alikiwasha kwenye sehemu ya pili, Word ikamuuliza kama afute, akajibu Yes. Jalada halikuwa na alama, basi hata ile aliyokuwa nayo ikapotea. Tuliirudisha kwa Ctrl+Z.

Sura zake zilikuwa na kichwa tofauti cha habari ambacho hakutaka kukipoteza, kwa hiyo hatukuunganisha chochote. Tuliingia kijajuu cha sehemu ya pili, tukabofya herufi za RASIMU mpaka zikashikika, Ctrl+C, kisha Ctrl+V ndani ya kijajuu cha kila sehemu nyingine. Namba za kurasa hazikuguswa, maana zilikuwa kwenye kijachini, na kijachini kina muunganisho wake.

Bado ukurasa wa kwanza wa Sura ya Kwanza ukabaki mtupu. Sehemu ile ilikuwa na tiki kwenye Different First Page, na ukurasa huo huwa na kijajuu cha pekee. Tukabandika na hapo. Different Odd & Even Pages nayo hufanya vivyo hivyo kwa kurasa shufwa.

Dhana: rangi ya usuli nayo hukatika kwa sehemu.

Hapana. Page Color hushika waraka mzima. Ikionekana kwenye skrini lakini isitoke kwenye karatasi, nenda File > Options > Display, utie tiki Print background colors and images. Wino utakuuma, lakini hilo ni lako na mwenye printa.