Ngazi tatu za ubora wa rangi: maana yake, na namna ya kuzipanga muuzaji asichanganyikiwe

Kiwanda cha rangi kikisema kina ngazi tatu za ubora, maana yake kinauza rangi tatu za kazi ileile moja. Tuchukue rangi ya maji ya kuta za ndani, isiyong'aa: kuna ya bei nafuu, ya kati na ya juu. Zingatia hayo maneno "kazi ileile". Rangi ya nje si ngazi ya juu ya rangi ya ndani, na yenye kung'aa kidogo si ngazi ya juu ya isiyong'aa. Hizo ni aina tofauti. Kiwanda kikizipanga aina na ngazi kwenye orodha moja ya bei, muuzaji huanza kumpa mteja yenye kung'aa kwa kudhani ndiyo bora, kisha kila kasoro ya plasta inaonekana ukutani na ndoo inarudishwa dukani.

Tofauti ya kweli iko ndani ya ndoo. Rangi inaficha ukuta kwa unga mweupe wa titaniamu dayoksaidi, ambao ni ghali, na inashika ukutani kwa gundi, nayo ni ghali. Ili kushusha bei, mtengenezaji hupunguza vyote viwili na kuongeza unga wa chokaa. Chokaa ikizidi, gundi haitoshi kuzifunga chembe zote. Ndiyo maana ukipitisha kiganja kwenye ukuta wa rangi nafuu kinatoka na vumbi jeupe, na ukifuta doa kwa kitambaa kibichi rangi nayo inatoka.

Muuzaji hahitaji kukariri kemia hiyo. Anachohitaji ni hesabu ya ukuta. Tuseme nyumba ina kuta za mita za mraba 150, na ndoo ya lita 20 ni shilingi 45,000 kwa ngazi nafuu na 130,000 kwa ngazi ya juu. Nafuu inafunika mita 8 kwa lita na inataka koti tatu: lita 56, yaani ndoo tatu, 135,000. Ya juu inafunika mita 12 kwa lita na koti mbili zinatosha: lita 25, yaani ndoo moja na galoni mbili za lita 4. Galoni ikiwa 28,000, jumla ni 186,000. Kwenye ndoo bei ilikuwa karibu mara tatu; ukutani tofauti ni 51,000, na fundi hajalipwa koti ya tatu. Hesabu hii ichapwe kwenye karatasi moja ya kubandikwa kaunta, kwa namba ambazo kiwanda chenyewe kimezipima.

Majina ndiyo huharibu mambo upesi. "Supa", "Dhahabu" na "Ekstra" yote yanadai ukubwa, na hakuna anayejua lipi liko juu ya lipi. Jina liwe moja, likifuatwa na 1, 2 na 3, na kifuniko cha kila ngazi kiwe na rangi yake ili mtu wa stoo atofautishe ndoo zilizopangana bila kusoma lebo. Na tamko la matumizi liwe fupi: 1 ni ya dari na nyumba za kupangisha zinazopakwa upya mara kwa mara, 2 ni ya vyumba vya kulala na sebule, 3 ni ya korido na vyumba vya watoto, mahali panapofutwafutwa.

Kosa la gharama zaidi hutokea kwenye mashine ya kuchanganyia. Kila ngazi ina fomula yake kwa kivuli kilekile cha rangi, kwa sababu weupe wa ndani haulingani. Ukiweka fomula ya ngazi 3 kwenye ndoo ya ngazi 1, kivuli kinatoka kizito kuliko kwenye kadi ya rangi, kwani weupe wa kukififisha ni mdogo. Dawa rahisi ni kutoipitisha kabisa ngazi 1 kwenye mashine: iuzwe nyeupe, krimu na vivuli vichache vilivyochanganywa kiwandani. Hapo hata idadi ya bidhaa za kuweka rafuni inapungua.

Linabaki suala la faida. Kiwanda kikitoa asilimia 8 kwa ngazi zote, ndoo nafuu inamwachia muuzaji 3,600 na ya juu 10,400. Lakini nafuu zikitoka nne kwa muda ambao ya juu inatoka moja, anapata 14,400 kwa kuzungusha mtaji wa karibu theluthi moja ya ule wa ndoo ya juu, na hapo atasukuma nafuu hata kwa mwenye korido. Ngazi ya juu ikipewa asilimia 12, ndoo moja inamwachia 15,600, na ushauri sahihi haumtii hasara tena.