Pengo la bei ya kununua na kuuza fedha za kigeni: byuro na benki

Ukisimama mbele ya ubao wa byuro, yaani duka la kubadilishia fedha, kila sarafu ina namba mbili. Moja ni ya kununua, nyingine ya kuuza, na anayenunua au kuuza hapo ni duka, si wewe. Ukileta dola, duka linanunua, kwa hiyo yako ni ile ndogo. Ukija kutafuta dola, duka linauza, na yako ni ile kubwa. Ukisahau nani ni nani, kumbuka kwamba mteja huangukia siku zote kwenye namba inayomuumiza. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo pengo la bei, na ndilo linalolipa mshahara wa aliyekaa nyuma ya kioo.

Katikati ya namba hizo kuna bei ya tatu ambayo haiandikwi ubaoni: bei ya katikati. Hiyo iko karibu na bei ambayo benki kubwa huuziana fedha zenyewe kwa zenyewe, na ndiyo inayokutokea ukitafuta bei ya dola kwenye simu. Mteja wa kawaida haipati, wala si haki kumlaumu karani kwa kutokupa. Kazi ya bei hiyo ni kuwa kipimo. Gharama unayolipa kwa kubadilisha mara moja ni umbali kutoka bei ya katikati hadi namba uliyopewa, yaani takriban nusu ya pengo.

Tuchukue namba za mfano, nyepesi kuhesabu. Bei ya katikati ni shilingi 1,000 kwa dola 1. Byuro inanunua dola kwa 985 na kuuza kwa 1,015. Pengo ni shilingi 30, sawa na asilimia 3 ya bei ya katikati. Ukiuza dola hapo unapoteza shilingi 15 kwa kila dola, asilimia 1.5. Hesabu yenyewe ni hii:

```
gharama % = (bei ya katikati - bei uliyopata) / bei ya katikati x 100
```

Ukiwa unanunua, geuza kutoa: bei uliyopewa kasoro bei ya katikati. Angalia pia ubao unahesabu kwa kipimo gani. Yeni, kwa mfano, mara nyingi huandikwa kwa kila yeni 100, na anayedhani ni yeni 1 atapiga hesabu ya ajabu.

Sasa benki. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu benki haina bei moja. Ina bei ya noti, yaani fedha taslimu inayopita kaunta, na ina bei ya uhamisho, ya fedha inayoingia au kutoka kwenye akaunti bila noti kuguswa. Bei ya uhamisho huwa na pengo jembamba zaidi, na aghalabu ndiyo inayotangulia kuonekana kwenye tovuti. Mtu anaona benki inanunua dola kwa 994, anaona byuro 985, anafunga safari ya benki na bahasha ya noti mkononi. Akifika kaunta anaambiwa 990, kasoro ada. Hakuna aliyemdanganya. Amelinganisha bei ya uhamisho ya upande mmoja na bei ya noti ya upande wa pili, vitu viwili tofauti.

Kwa nini noti iwe na bei mbaya kuliko fedha ya kwenye kompyuta? Kwa sababu noti ni mzigo. Inakaa kwenye sefu bila kuzaa riba, inahitaji ulinzi, usafiri na bima, na inaweza kuwa bandia. Zaidi ya hayo, bei inaweza kushuka kati ya saa duka liliponunua na saa litakapopata wa kumuuzia. Benki iliyopokea dola kwa uhamisho inaweza kuziuza sokoni ndani ya dakika chache. Aliyepokea noti hana njia hiyo ya mkato. Ndiyo maana hata sarafu isiyotafutwa sana huwa na pengo pana kwenye ubao uleule ambao dola ina pengo jembamba: haijulikani itakaa sefuni siku ngapi.

Byuro nayo ina namna yake ya kupunguza mzigo huo. Noti alizoleta mteja wa asubuhi huuzwa kwa msafiri wa mchana, bila kutoka dukani. Palipo na wauzaji na wanunuzi wengi, na maduka yanayotazamana, pengo hubanwa likawa dogo hata kushinda bei ya noti ya benki. Palipo na duka moja tu na wateja wenye haraka, kama kwenye ukumbi wa wanaowasili uwanja wa ndege, hakuna kinachombana mwenye duka.

Tuwalinganishe sasa noti kwa noti. Byuro inanunua kwa 985 bila ada. Benki inanunua noti kwa 990 na kukata ada ya shilingi 5,000 kwa kila muamala, iwe dola 50 au 5,000. Mwenye dola 200 akienda byuro anatoka na 197,000. Akienda benki anapata 198,000, ada ikikatwa zinabaki 193,000. Benki ina bei nzuri zaidi, na bado amepoteza 4,000 kwa kuifuata.

Kwa dola 3,000 mambo yanageuka: byuro 2,955,000, benki 2,965,000 baada ya ada. Mahali mizani inapolingana si pa kubahatisha. Gawa ada kwa tofauti ya bei mbili: 5,000 kwa 5 ni dola 1,000. Chini ya hapo byuro inashinda, juu ya hapo benki. Kama benki yako inakata ada kwa asilimia badala ya kiasi kimoja, mpaka huo haupo. Ada ya asilimia 1 ni sawasawa na kushusha bei kutoka 990 hadi 980.1, na unailinganisha hivyo tu.

Ila mpaka huo unasogea, na sababu ya kwanza ni kwamba bei ya byuro hujadilika. Mwenye dola 3,000 anayeuliza kwa upole "kwa kiasi hiki mnanipa ngapi?" anaweza kupandishiwa hadi 988. Atatoka na 2,964,000, pungufu ya benki kwa shilingi 1,000 tu, na pengine foleni ya benki ina thamani kuliko hiyo. Kwa dola 100 usijisumbue kuuliza.

Sababu ya pili ni sura ya noti zenyewe. Maduka mengi yana mistari miwili kwa dola: noti za 50 na 100 kwa bei ya ubaoni, noti za 1 hadi 20 kwa bei ya chini. Kazi ya kuhesabu, kukagua na kufunga noti 100 za dola 1 ni kubwa kuliko ya noti moja ya 100, na wanunuzi wa noti ndogo ni wachache. Tuseme byuro yetu inanunua ndogo kwa 950. Mwenye dola 200 zilizo noti moja ya 100 na tano za 20 atapata 98,500 kwa ile kubwa na 95,000 kwa zile ndogo, jumla 193,500. Bei yake halisi ni 967.5, na gharama imepanda kutoka asilimia 1.5 hadi 3.25. Kama benki haibagui noti, ile faida ya 4,000 imebaki 500.

Noti za dola za matoleo ya zamani, zilizochanika, zilizoandikwa kwa kalamu au zenye mihuri hupata yaleyale, au hukataliwa kabisa. Serikali ya Marekani inazitambua noti zake za zamani, lakini hilo halimlazimishi karani wa byuro kuzipokea, kwani naye lazima apate wa kumuuzia. Kwa hiyo ukiwa unanunua dola, kagua noti kabla ya kuondoka kaunta na uombe nyingine ukipewa iliyochakaa. Usipofanya hivyo, utakayekataliwa kesho ni wewe.

Kuna jambo moja ambalo pengo peke yake halionyeshi. Byuro ikiishiwa dola, si lazima itanue pengo. Inaweza kusogeza namba zote mbili juu, labda 992 na 1,022. Pengo ni lilelile 30. Kwa anayeuza dola ni siku njema, maana yuko shilingi 8 tu kutoka bei ya katikati. Kwa anayenunua ni siku mbaya, yuko 22. Duka lililojaa dola hufanya kinyume chake. Hivyo duka lenye pengo dogo kuliko yote si lazima liwe bora kwako. Tazama upande wako tu: umbali kati ya namba yako na bei ya katikati.

Ndiyo sababu tangazo la "hatutozi kamisheni" halina maana mpaka ujue bei. Duka linalonunua kwa 960 bila kamisheni linakutoza asilimia 4, isipokuwa halijaiandika. Swali linalofukua kila kitu ni moja, na liulizwe huku noti zikiwa bado mkononi mwako: "Nina dola 200, noti ni hizi hapa. Nitapokea shilingi ngapi mkononi, makato yote yakishatoka?" Jibu ligawe kwa 200. Namba utakayopata ndiyo bei yako, ubao uwe umeandika chochote. Mara nyingine utagundua kwamba ile bei tamu ya ubaoni ni ya wanaobadilisha kiasi kikubwa tu, na maelezo hayo yako chini kwa herufi ndogo. Risiti nayo ionyeshe kiasi ulichotoa, bei iliyotumika na kiasi ulichopokea. Zidisha mbili za kwanza uone kama inatoka ya tatu.

Pengo zima, si nusu yake, hulipwa na anayekwenda na kurudi. Ukinunua dola za safari kwa 1,015, ukabaki na 300 na kuzirudisha kwa 985, zile 300 zimekugharimu 9,000 bila kununua hata soda. Kwa benki yetu, inayouza noti kwa 1,010, pengo la 20 lingekula 6,000, na ada ya pili ya 5,000 ikafanya 11,000. Vichenji vya chuma, kwa kawaida, hakuna kati yao atakayevigusa.