Ondoa hiyo "it": dhana potofu kuhusu who, which na that

Nafundisha Kiingereza masomo ya jioni hapa Mwanza. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima: wafanyabiashara wa samaki, makarani, na vijana wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Kila kundi jipya linakuja na sentensi ileile, kana kwamba wamerithishana:

*The fish which I bought it at Kirumba was rotten.*

Nikiikata "it", lazima mmoja abishe: "Sasa mwalimu, msomaji atajuaje nilinunua nini?"

Dhana: bila "it" sentensi inapungukiwa

Haipungukiwi na chochote. Chanzo cha kosa ni Kiswahili chetu wenyewe. Tunasema "samaki niliyemnunua", na ndani ya kitenzi hicho kimoja mna "-ye-" ya urejeshi na "-m-" ya yambwa. Zote mbili zinamrejelea samaki yuleyule, na kwetu ni sahihi kabisa. Kiingereza hakitoi nafasi mbili. "Which" yenyewe ndiyo yambwa ya "bought", ila imehama kutoka nyuma ya kitenzi ikaja mbele. Ukiongeza "it", samaki mmoja umemnunua mara mbili.

Tuunganishe polepole. Tuna sentensi hizi:

*The fish was rotten. I bought the fish at Kirumba.*

Kinachojirudia ni "the fish". Habari kuu ni kwamba samaki alikuwa ameoza, kwa hiyo sentensi ya kwanza inabaki kuwa shina na ya pili inageuka kishazi. Kwenye ya pili, toa "the fish" na uweke "which" palepale: "I bought which at Kirumba". Msicheke, ni hatua ya njiani tu. Sasa vuta "which" hadi mwanzo: "which I bought at Kirumba". Kisha pachika kipande chote mara tu baada ya "the fish" ya kwenye shina:

*The fish which I bought at Kirumba was rotten.*

Nyuma ya "bought" pamebaki wazi. Paacheni hivyohivyo.

Penye kihusishi ndipo watu wanaponichosha zaidi. Mtu anaandika "The boat which we travelled in it was full". Nikimwambia kuna neno limezidi, anafuta "in" pamoja na "it", anabaki na "which we travelled", ambayo nayo imevunjika. Kinachoondoka ni "it" peke yake: "The boat which we travelled in was full". Ukipenda kukipeleka kihusishi mbele, andika "in which". "In that we travelled" haikubaliki.

Ila msianze kufuta kila "it" mnayokutana nayo. "I bought a fish which made my son sick when he ate it" ni sahihi, maana "it" hiyo ni yambwa ya "ate", kitenzi cha kishazi kingine kabisa. Ninachowalazimisha wanafunzi wangu ni kuweka kidole kwenye kila kitenzi na kuuliza yambwa yake ni ipi. Kitenzi kimoja kikiwa na mbili zinazotaja kitu kilekile, moja ifutwe. Na kiima ni vivyo hivyo: kwenye "The man who sells dagaa he lives in Igoma", hiyo "he" haina kazi.

Dhana: "that" ni ya vitu tu

Si kweli. "The woman that sells sato" ni Kiingereza kizuri, ingawa kwenye maandishi rasmi wengi hupendelea "who". Kisichofaa ni kumwita mtu "which".

Dhana: penye "which" pote, "that" inaingia

Angalia mikato. Katika "Lake Victoria, which touches three countries, is a freshwater lake", jina limeshatutosha kujua ni ziwa gani, na kipande cha katikati ni nyongeza tu. Kishazi cha nyongeza kama hicho hakipokei "that".

Dhana: kuiacha "which" ni uvivu

"The fish I bought at Kirumba was rotten" ni sahihi, hata kwenye barua ya kazi. Kuiacha kunaruhusiwa pale "which", "who" au "that" inapokuwa yambwa na kishazi hakina mikato. Ikiwa kiima, haiachwi: "The man sells dagaa is my uncle" haisomeki. Tazama neno linalofuata. Akifuata mtenda mwingine, kama "I" hapo juu, unaweza kuiacha. Kikifuata kitenzi moja kwa moja, usiiguse.