Kyubiti mbili zenye uaminifu wa 0.99, na kosa moja kubwa mara kumi kuliko jingine

Chukua kyubiti mbili, yaani biti za kompyuta ya kwanta, ambazo zilitakiwa ziandaliwe katika hali |0⟩. Zote mbili zimekosea kidogo, na ukipima uaminifu wake, yaani ile namba ambayo maabara nyingi huiita fideliti, zote mbili zinatoa 0.99. Ya kwanza imekosea kwa kuzungushwa kupita kiasi: palsi iliyoiendesha ilikuwa na nguvu kidogo zaidi ya ilivyopaswa, ikaisukuma nyuzi 11.5 hivi kutoka pale ilipotakiwa kukaa. Ya pili haikuzungushwa popote, ila katika kila maandalizi mia, kwa wastani mara moja hutokea |1⟩ badala ya |0⟩, na hakuna ajuaye ni lini.

Je, makosa hayo mawili ni sawa? Wanafunzi wengi ninaowauliza hujibu ndiyo, kwa kuwa namba ni ileile. Mimi nasema hapana, na sababu yake ndiyo inayonifanya nisikubali ripoti yenye uaminifu peke yake.

Tuanze na mchezo. Rafiki yako anarusha sarafu bila wewe kuona. Ikiangukia upande mmoja anakupa kyubiti yenye hali ρ, ikiangukia upande wa pili anakupa yenye hali σ. Unaruhusiwa kuipima mara moja tu, kwa kipimo chochote upendacho, kisha useme ni ipi. Usipopima kabisa utapatia nusu ya mara zote. Ukipima kwa njia bora kuliko zote, uwezekano wa kupatia ni huu, kama alivyoonyesha Carl Helstrom mwishoni mwa miaka ya 1960:

P = ½(1 + T)

Hiyo T ndiyo umbali wa treisi. Kuupata, unatoa matriksi ya densiti ya hali moja, yaani jedwali la namba linaloieleza hali hiyo, kutoka kwa ya nyingine, unatafuta thamani eigeni za tofauti hiyo, unazifanya zote ziwe chanya, unazijumlisha, kisha unagawa kwa mbili. Ikiwa T ni 0, hali mbili ni kitu kimoja na kupima hakukusaidii chochote. Ikiwa T ni 1, utapatia kila mara. Ninaupenda umbali huu kwa sababu hauhitaji tafsiri: ni faida halisi unayoipata mchezoni.

Kwa kyubiti kuna picha inayorahisisha kila kitu. Kila hali ni nukta katika tufe la Bloch: |0⟩ iko ncha ya kaskazini, |1⟩ ncha ya kusini, hali safi ziko juu ya uso wa tufe na hali mchanganyiko ziko ndani yake. Umbali wa treisi ni nusu ya urefu wa mstari mnyoofu unaounganisha nukta mbili. Kati ya |0⟩ na |1⟩ mstari una urefu wa 2, kwa hiyo T ni 1. Kati ya |0⟩ na |+⟩, iliyoko kwenye ikweta, mstari una urefu wa √2, kwa hiyo T ni 0.707 na utapatia kwa uwezekano wa 0.854. Hakuna mbinu wala kifaa kitakachokuvusha juu ya hapo kwa kyubiti moja.

Uaminifu unauliza swali jingine. Ikiwa mojawapo ya hali ni safi, tuseme |ψ⟩, basi F ni uwezekano kwamba ρ itafaulu mtihani wa “je, wewe ni |ψ⟩?” Zote mbili zikiwa mchanganyiko, fasili ya jumla inatokana na kazi ya Armin Uhlmann ya mwaka 1976, na jina la fideliti lilitiwa nguvu na Richard Jozsa mwaka 1994. Fasili hiyo ina mizizi ya matriksi na huwachosha watu, lakini kwa kyubiti inajikunja ikawa hesabu fupi:

F = Tr(ρσ) + 2√(det ρ · det σ)

Hapa kuna mtego mmoja wa kuangalia kabla ya kulinganisha namba za watu wawili. Wengine, kama kitabu cha kiada cha Nielsen na Chuang, huita uaminifu kipeuo cha pili cha F hii, yaani √F. Wengine, pamoja na `state_fidelity` ya Qiskit, hutumia F yenyewe. Kyubiti ileile itaonekana na 0.99 kwa huyu na 0.995 kwa yule. Ukisoma ripoti isiyosema imetumia ipi, jaribu jozi ya |0⟩ na |+⟩ kwenye programu yao: ikitoa 0.5 ni F, ikitoa 0.707 ni √F. Katika makala haya natumia F.

Sasa turudi kwa kyubiti zetu mbili. Ile iliyozungushwa kwa pembe θ iko juu ya uso wa tufe, na uaminifu wake na |0⟩ ni cos²(θ/2). Kwa nyuzi 11.5, sin(θ/2) ni 0.1, kwa hiyo F ni 0.99. Urefu wa mstari kutoka ncha ya kaskazini hadi hapo ilipo ni 2sin(θ/2), yaani 0.2, na nusu yake ni 0.1. Ile ya pili iko ndani ya tufe, moja kwa moja chini ya ncha ya kaskazini. Matriksi yake ina 0.99 na 0.01 kwenye ulalo na sifuri kwingine kote. F yake ni 0.99, lakini imeshuka 0.02 tu kutoka nchani, kwa hiyo T ni 0.01.

Uaminifu ni uleule, ila umbali wa treisi wa kwanza ni mara kumi ya wa pili. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, mistari hii inatosha:

```python
import numpy as np

def umbali(r, s):
    return 0.5 * np.abs(np.linalg.eigvalsh(r - s)).sum()

def uaminifu(r, s):
    d = np.linalg.det(r).real * np.linalg.det(s).real
    return np.trace(r @ s).real + 2 * np.sqrt(max(d, 0))
```

Ile `max(d, 0)` haiko pale kwa urembo. Determinanti ya hali safi, yaani ile det ya kwenye fomula, ni sifuri, lakini kompyuta ikikadiria inaweza kutoa namba hasi ndogo mno, na mzizi wake utakurudishia `nan`.

Tofauti hiyo ya mara kumi imejificha wapi? Imejificha katika mwelekeo wa kupima. Uaminifu na |0⟩ unapimwa kwenye mhimili wa Z, na kwenye mhimili huo kyubiti zote mbili zinafanana kabisa: |0⟩ mara 99, |1⟩ mara moja. Sasa zipime kwenye mhimili wa X. Hali kamili |0⟩ inatoa nusu kwa nusu. Ile iliyochanganyika nayo inatoa nusu kwa nusu, haionyeshi kosa lolote. Lakini ile iliyozungushwa inatoa 0.5995 kwa 0.4005. Ukiuinamisha mhimili kidogo tu, kwa nusu ya pembe ya kosa, unafika kwenye kipimo bora cha Helstrom: |0⟩ inatoa 0.45, iliyozungushwa inatoa 0.55, na tofauti ni 0.1 kamili. Kosa la kuzungusha linaonekana zaidi ukisimama pembeni yake, wala si ukiliangalia uso kwa uso kwenye Z.

Mwaka 1999 Christopher Fuchs na Jeroen van de Graaf walionyesha mipaka inayoziunganisha namba hizi mbili kwa hali zozote: 1 − √F ≤ T ≤ √(1 − F). Hali moja ikiwa safi, mpaka wa chini unapanda hadi 1 − F. Kwa F ya 0.99, basi, T inaweza kuwa popote kati ya 0.01 na 0.1. Kyubiti zetu mbili zimekaa kwenye ncha hizo mbili. Sikuzichagua ovyo: ndizo mbaya kuliko zote na nzuri kuliko zote ambazo uaminifu wa 0.99 unaruhusu.

Lakini nisiuonee uaminifu. Badilisha mchezo kidogo: rafiki yako akupe nakala nyingi za hali ileile, na uruhusiwe kuzipima zote pamoja kwa njia bora. Hapa umbali wa treisi wa nakala moja hausemi moja kwa moja kitakachotokea kwa nakala n, ilhali uaminifu unazidishwa tu: F inakuwa 0.99ⁿ. Kwa kyubiti iliyozungushwa, T ya nakala n ni √(1 − 0.99ⁿ), na ili ufike 0.9, yaani upatie kwa uwezekano wa 0.95, unahitaji nakala 165 hivi. Kwa ile iliyochanganyika T ni 1 − 0.99ⁿ, na unahitaji kama 229. Ile pengo ya mara kumi imeyeyuka, imebaki chini ya mara moja na nusu. Kwa hiyo umbali wa treisi unasema juu ya jaribio moja, na uaminifu, walau pale hali moja ni safi, unasema jinsi nakala nyingi zitakavyoifichua tofauti. Anayeandaa nakala nyingi zinazojitegemea ana haki ya kuutegemea uaminifu.

Kompyuta ya kwanta haifanyi hivyo. Yenyewe inairudia operesheni ileile juu ya kyubiti ileile, na makosa yanapandana. Tuseme operesheni yako ilikusudiwa kuzungusha duara zima kuzunguka mhimili wa Y na kuirudisha kyubiti kwenye |0⟩, nayo inazidisha zile nyuzi 11.5. Baada ya mara 5 uwezekano wa kukuta |1⟩ ni 0.23, baada ya mara 10 ni 0.71, na kwenye mara ya 16 kyubiti imefika karibu kabisa na |1⟩. Kosa la bahati nasibu lenye uaminifu uleule linatoa 0.048 baada ya mara 5, 0.09 baada ya mara 10, na 0.14 baada ya mara 16. La kwanza linakua mwanzoni kwa mraba wa idadi ya marudio, la pili linakua kwa idadi yenyewe.

Hiyo pia ndiyo njia rahisi ya kujua umeshika kosa lipi. Rudia operesheni mara 1, 2, 3 hadi 40, kila safari pima kwenye Z, kisha chora uwezekano wa |1⟩. Mchoro ukipanda hadi karibu na 1 halafu ukashuka tena, ukikaribia sifuri kwenye mara ya 31, una kosa la kuzungusha, na hesabu ya marudio inakupa pembe yake: gawa nyuzi 360 kwa idadi hiyo, punguza ukubwa wa palsi kwa kiasi hicho, upime tena. Mchoro ukipanda taratibu kuelekea 0.5 bila kuivuka, ni bahati nasibu, na hakuna marekebisho ya palsi yatakayoiondoa. Mara nyingi utaona vyote viwili pamoja, mawimbi yanayofifia kuelekea 0.5. Rekebisha palsi kwanza, kwa sababu ndiyo sehemu iliyokuwa ikibeba ile 0.1.