Saa 6:20 usiku, upande wa kulia, na neno "pole": ripoti ya ajali inavyoharibika kwenye tafsiri

Mfano huu nimeutunga mwenyewe ili nisiguse faili la mtu yeyote, ila vipande vyake vyote ni vitu tunavyokutana navyo kwenye kazi ya kutafsiri nyaraka za madai ya bima.

Lori la Burundi limepakia bandarini Dar linaelekea Bujumbura. Limeshapita Chalinze, liko maeneo ya Mikese kabla hujafika Morogoro, tairi la tela linapasuka usiku, dereva anasogea pembeni, Haisi iliyokuwa inakuja nyuma inaligonga tela. Hakuna aliyefariki, abiria wawili wameumia, wamepewa PF3 wakaenda hospitali. Trafiki amefika, amepima, amechora ramani ya ajali, halafu yakaandikwa maelezo ya madereva wote wawili pamoja na shahidi mmoja anayeuza mahindi pale barabarani. Lori lina Kadi ya Njano, ile bima ya KOMESA inayolipa madhara ya watu wengine ukiwa nje ya nchi yako (Tanzania ilijitoa KOMESA mwaka 2000 ila kwenye mpango wa kadi bado imo). Kwa hiyo maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili kituoni Morogoro yanaenda kusomwa na ofisa wa madai Bujumbura, kwa Kifaransa, na huyo ofisa hajafika Mikese na hatafika. Anachokijua kuhusu usiku ule ni hizo karatasi tu.

Tuanze na saa maana ndio inawaangusha wengi. Trafiki kaandika "tarehe 15, saa 6:20 usiku". Dereva wa lori kwenye maelezo yake anasema "usiku wa tarehe 14 mida ya saa sita na nusu hivi". Mtafsiri asiye makini anaona 6:20 anaiacha hivyo hivyo, msomaji wa Kifaransa anaelewa ni alfajiri. Mwingine anajua kwamba kuna tofauti ya masaa sita, anajumlisha haraka haraka anapata 12:20, halafu inasomeka saa sita mchana kweupe, na hapo mtu aliyedai kwamba hakuliona lori kwa sababu ya giza anaonekana mwongo. Jibu ni 00:20, tarehe 15. Kwa nyaraka za aina hii andika kwa mfumo wa masaa 24 bila kuacha sifuri, na ile saa ya Kiswahili iweke kwenye maelezo ya mtafsiri chini ya ukurasa kama ilivyo kwenye karatasi ya polisi, ili anayehakiki aone umetoka wapi.

Sasa kuna tarehe. Je trafiki na dereva wanapingana? Hapana, sisi tukisema usiku wa tarehe 14 tunamaanisha usiku ule wote mpaka kunakucha, saa sita ikishapita bado mtu anasema usiku wa tarehe 14, wengine husema usiku wa kuamkia tarehe 15 na hiyo ndio iko wazi zaidi. (Na ukienda kwa wazee wa Pwani, usiku wa Ijumaa unaanza Alhamisi jua likishazama, kwa hiyo jina la siku peke yake halitoshi, tafuta tarehe.) Kazi ya mtafsiri hapa ni kuacha kila mmoja na maneno yake. Ya trafiki inabaki 00:20 tarehe 15. Ya dereva inabaki "usiku wa tarehe 14, karibu na 00:30", na lile neno karibu lisidondoke, kwa sababu "mida ya" na "hivi" ni sehemu ya ushahidi wake, yeye hakuangalia saa. Ukimrekebisha dereva ili afanane na trafiki umemtolea ushahidi ambao hakuutoa.

Halafu kuna saa ya tatu ambayo haipo kwenye ripoti kabisa lakini ofisa wa Bujumbura anayo mezani, nayo ni ya kile kifaa cha kufuatilia lori ambacho tajiri anakiangalia ofisini kwake. Kinaonyesha lori limesimama 23:20 tarehe 14. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kwa hiyo 23:20 ya Bujumbura na 00:20 ya Mikese ni dakika ile ile, ila kwenye karatasi ni tarehe mbili tofauti, na kama bima ilikuwa inaisha tarehe 14 unaweza kuona hilo linavyoweza kuzua kesi. Mtafsiri habadilishi 00:20 kuwa 23:20 eti kumsaidia msomaji. Anaiacha, anaongeza neno moja tu kwenye maelezo ya chini: saa zote za ripoti hii ni saa za Afrika Mashariki. Basi, mengine watahesabu wenyewe.

Mahali nako kuna mtego. Shahidi anasema "Haisi ilikata kulia kumkwepa, ikashindwa, ikagonga kona ya tela". Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukikata kulia unaingia upande wa magari yanayokuja. Burundi wanaendesha kulia, na msomaji wa kule ukimwambia gari lilikata kulia anaona limeenda kwenye bega la barabara, tena pale pale lori lilipokuwa limesogea. Yaani sentensi ni sahihi neno kwa neno na bado picha imegeuka. Watu wengine wanaamua "kusahihisha", wanaandika kushoto ili msomaji aelewe, na hapo ndio wanaharibu kabisa kwa sababu ramani ya trafiki imeambatanishwa na inaonyesha kulia. Kulia ibaki kulia. Weka maelezo mafupi mwanzoni mwa tafsiri kwamba nchini Tanzania magari hutembea upande wa kushoto, mara moja tu inatosha faili zima.

Ripoti inasema pia ajali ilitokea "mita 300 mbele ya daraja". Mbele ya daraja kwa Kiswahili inaweza kuwa umeshalivuka na unaendelea, au hujalifikia na lenyewe liko mbele yako, inategemea msemaji amesimama wapi. Usikisie. Angalia ramani, angalia maneno "kutokea Chalinze kwenda Morogoro", na kama ramani inaonyesha daraja limeshapitwa andika hivyo na useme umeitoa kwenye ramani. Ramani ikiwa kimya unaandika kwamba maneno yana maana mbili. Vipimo navyo usivibadili, shahidi akisema hatua 15 ziwe hatua 15, kwa sababu ukiandika mita 15 au ukajipigia hesabu ukapata mita 11 umempa ofisa namba ambayo hakuna mtu aliyeipima.

Kingine kwenye mfano huu, dereva wa lori anasema "nikaweka majani". Kila dereva wa barabara ile anajua maana yake, ni matawi ya miti unayakata na kuyapanga barabarani nyuma ya gari bovu ili wenzako wapunguze spidi. Nimeona tafsiri ya namna hii ikiandikwa "aliweka alama za tahadhari", ambayo mtu wa bima ataisoma kama pembetatu ile ya kuakisi mwanga. Hayo ni mambo mawili tofauti na swali zima la kosa la lori linaweza kusimama hapo. Andika matawi ya miti, eleza desturi chini, usimpandishe hadhi wala usimshushe.

Na kosa lenyewe, hapa nawaomba mwende taratibu, maana vitenzi vyetu vina viambishi vidogo vinavyobeba mzigo mzito. "Haisi iligonga lori", "lori liligongwa na Haisi" na "Haisi na lori viligongana" si kitu kimoja. Ya mwisho haisemi nani alimfuata nani. Kama trafiki ameandika yaligongana usimtafsiri kuwa moja liligonga jingine, hata kama ramani inakuonyesha wazi, hitimisho hilo ni la ofisa. Dereva wa lori anasema "nilikuwa nasimama", dereva wa Haisi anasema "lilikuwa limesimama". La kwanza ni lori bado linapunguza mwendo na kusogea, la pili lilishatulia pale, labda dakika nyingi. Ugomvi wote wa kesi uko kwenye hizo silabi mbili, "na" na "me", na mtafsiri akiziandika zote kwa namna moja amemaliza ugomvi kabla haujasikilizwa. Tena linganisha na lile la majani, mtu aliyekuwa bado anasimama alipata wapi muda wa kukata matawi? Ukiona mgongano kama huo uache ulivyo, usiuzibe, ofisa anatakiwa auone.

Trafiki amemalizia "chanzo cha ajali kinadaiwa kuwa ni dereva wa Haisi kutochukua tahadhari". Neno "kinadaiwa" liende pamoja na sentensi. Bila hilo polisi wanaonekana wamehukumu, na mwenye kuhukumu ni mahakama. Vivyo hivyo "gari lilimshinda" si sawa na "aliendesha kizembe".

Sasa "pole". Dereva wa lori kaeleza: "nikashuka, nikamwambia pole sana ndugu yangu". Kila Mswahili anajua pole unampa mtu aliyefiwa, anayeumwa, hata aliyejikwaa peke yake, wala hujakiri kitu. Lakini mtafsiri akiandika kwamba dereva aliomba radhi, imesomeka kama kukiri kosa, na mikataba mingi ya bima ina kipengele kinachomkataza mwenye bima kukubali kosa bila ridhaa ya kampuni. Mtu anaweza kujikuta anajieleza kwa utu wake. Andika alimpa pole, yaani alionyesha kusikitika kwa yaliyompata. Angesema "samahani" au "nisamehe" hilo ni lingine, na hapo usilipunguze makali kumlinda mteja wako.

Kabla hujaipeleka, chukua kalamu uzungushie kila namba kwenye asili na kwenye tafsiri, saa, tarehe, mita, hatua, namba za magari, zihesabu zilingane. Kisha mpe mtu mwingine asiyejua kesi akusomee ile tafsiri ya Kifaransa kwa kuirudisha kwenye Kiswahili, wewe ukiwa umeshika karatasi ya polisi, na umsikilize akifika kwenye kulia, nasimama na pole. Pasiposomeka pawekwe [haisomeki], muhuri uandikwe [muhuri], sahihi [sahihi]. Na kama kosa liko kwenye karatasi ya polisi yenyewe, mathalani ukurasa mmoja unasema 6:20 usiku na mwingine 6:20 mchana, mtafsiri anaziacha zote mbili na kuonyesha chini kwamba zinatofautiana. Mwenye madai ndiye anayerudi kituoni kuomba zirekebishwe na aliyeziandika, halafu analeta nakala mpya itafsiriwe upya.