Je, wajua kwa nini tagi za video ya watoto kwenye YouTube zinaweza kumuumbua aliyeziandika?

"Nina video ya vikaragosi wanaohesabu. Nimeweka tagi za katuni zote maarufu ili watoto waione, ila kwenye mpangilio wa hadhira nimechagua kwamba si ya watoto, maana sitaki maoni yafungwe. Kwa nini naambiwa nimekosea?"

Kwa sababu umetoa kauli mbili zinazopingana, na zote zimebaki kwa maandishi. Tagi zinamwita mtoto, huku mpangilio wa hadhira unadai mtoto hakulengwa. Atakayetaka kujua video hii ni ya nani hatahitaji kukuhoji, atasoma tu ulichokiandika.

Mpangilio huo wa YouTube una historia yake. Marekani ina sheria ya mwaka 1998 iitwayo COPPA, inayokataza kukusanya taarifa binafsi za watoto walio chini ya miaka 13 mtandaoni bila idhini ya wazazi. Septemba 2019, Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza shauri lililoletwa na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo pamoja na jimbo la New York. Mojawapo ya hoja za tume ilikuwa kwamba kampuni ilijinadi kwa watengenezaji wa vitu vya kuchezea kuwa ndiyo inayoongoza kuwafikia watoto, na wakati huohuo ikishikilia kuwa haina watumiaji wa umri huo. Yaani kampuni ilibanwa kwa maneno yake yenyewe, na mwenye chaneli anaweza kubanwa vivyo hivyo.

Tangu Novemba 2019, kila anayepakia video anatakiwa kuchagua kati ya "Yes, it's made for kids" na "No, it's not made for kids". Ukichagua ya kwanza, YouTube huchukulia kila mtazamaji wa video hiyo kuwa mtoto, hata kama aliyeshika simu ni babu. Ndiyo maana matangazo yanayofuata tabia za mtazamaji huzimwa, ingawa matangazo ya kawaida yanaweza kubaki. Maoni hufungwa pia, pamoja na gumzo la matangazo ya moja kwa moja na zile kadi za mwishoni zinazopeleka kwenye video nyingine. Inauma, sikatai, hasa kwa chaneli iliyozoea kusalimiana na watu wake. Lakini ukiikwepa kuna unachopoteza vilevile: YouTube wenyewe wanasema video iliyowekwa kuwa ya watoto ina nafasi kubwa zaidi ya kupendekezwa kando ya video nyingine za watoto. Usichanganye hilo na programu ya YouTube Kids, kwani kuchagua kwamba video ni ya watoto hakuiingizi humo moja kwa moja.

Si kila chenye rangi kali au kikaragosi ni cha watoto. Tume hiyo imeeleza kwamba inaangalia mambo kadhaa kwa pamoja, yakiwemo mada, lugha, muziki, michezo inayoonyeshwa na hadhira halisi. Fundi anayeonyesha watu wazima namna ya kushona kikaragosi anaweza kabisa kusema video yake si ya watoto. Ila akiandika kwenye kichwa "burudani kwa watoto wadogo", amejiharibia hoja mwenyewe.

Tuirudie video yako. Tuseme ni ya dakika nne, vikaragosi wawili wanahesabu mipira kuanzia moja hadi kumi kwa wimbo. Kichwa chake ni "KATUNI MPYA KALI!!! WATOTO WATACHEKA", kikifuatiwa na majina ya wahusika watatu mashuhuri ambao hawaonekani hata sekunde moja, na chini ya maelezo kuna aya nzima ya majina kama hayo. Kwenye YouTube, kurundika tagi ndani ya maelezo kunahesabiwa kuwa kuvunja kanuni dhidi ya ulaghai, na video inaweza kuondolewa kwa sababu hiyo pekee. Faida nayo ni haba, kwani jukwaa linasema tagi zina mchango mdogo sana katika kugunduliwa kwa video. Kazi yake kubwa ni kusaidia pale ambapo watu hukosea tahajia. Mimi ningeandika hivi:

```
Kichwa: Hesabu 1 hadi 10 na Vikaragosi | Wimbo wa Watoto
Maelezo: Vikaragosi wawili wanahesabu mipira kuanzia 1 hadi 10,
kisha wanarudia polepole ili mtoto aimbe nao. Dakika 4.
Tagi: hesabu 1 hadi 10, kuhesabu, kuesabu, wimbo wa namba, vikaragosi
Hadhira: Yes, it's made for kids
```

Hiyo "kuesabu" nimeiacha makusudi, maana wapo wanaoitafuta hivyo. Maelezo yameanza na kile kinachoonekana kwenye video, kwa sababu msomaji wake ni mzazi. Mtoto wa miaka mitatu hasomi, huvutwa na kijipicha. Basi na kijipicha kitolewe ndani ya video yenyewe. Na ukisema "hesabu hadi 10", hakikisha vikaragosi wanafika kumi. Wakiishia tano kisha zilizobaki ziwe dakika za kufungua maboksi ya vitu vya kuchezea, umeahidi somo ukauza bidhaa. YouTube ina jina la kosa hilo: maudhui yanayojifanya ya kielimu. Yamo katika orodha ya maudhui duni ya watoto ambayo, tangu mwishoni mwa 2021, yanaweza kuipunguzia chaneli mapato au kuiondoa kabisa kwenye mpango wa malipo.

Utajuaje kwamba maneno yako yanapotosha? Ndani ya YouTube Studio, fungua takwimu za video, nenda kwenye vyanzo vya watazamaji, kisha utazame maneno ambayo watu waliyatafuta wakakufikia. Ukikuta majina ya katuni ambazo hazimo, na muda wa wastani wa kutazama ni sekunde chache, jibu umelipata: waliokuja walitaka kingine, wakaondoka. Safu ya vizuizi kwenye orodha ya video zako nayo itakuonyesha kama video imewekwa kuwa ya watoto na aliyeiweka hivyo ni wewe au ni YouTube. Kama ni YouTube na unaamini wamekosea, unaruhusiwa kukata rufaa.

Kuna takwimu moja inayowapoteza wengi, nayo ni ya umri. Makundi ya umri yanaanzia miaka 13, kwa hiyo mtoto wa miaka minne hawezi kuonekana kama alivyo. Anayetazama kwa simu ya mama yake anaweza kuhesabiwa katika kundi la mama. Mtu akikuonyesha grafu iliyojaa watu wa miaka 35 hadi 44 na kusema wimbo wake wa namba unapendwa na watu wazima, grafu hiyo haimtetei.

Upande wa pili wa jambo hili ni mbaya zaidi. Mwenye katuni ya vichekesho vya watu wazima, yenye damu au matusi, akiweka tagi za watoto ili apate watazamaji, anavunja kanuni za usalama wa watoto. Jukwaa lilikaza kanuni hizo baada ya kelele za 2017 kuhusu video zilizotumia wahusika wa watoto katika matukio ya kutisha. Kuchagua "No, it's not made for kids" hakumzuii mtoto kuifungua video ya namna hiyo, kwani kauli hiyo inasema tu kwamba yeye si mlengwa. Kinachomzuia ni kizuizi cha umri wa miaka 18, nacho huwekwa mahali palepale chini ya hadhira, kwa hatua ya pili ambayo wengi huipita bila kuifungua.